Karo ya nasari na mikono ya watu watatu

Shoga yangu,

Aleikum salaam. Nimefurahi wallahi kusikia wamekuchagua mwenyekiti wa kamati ya hiyo nasari hapo Likoni, lakini swali lako la mwisho, kwamba kuna haja gani kumgawia mtu mwingine kazi za dada wa ofisini, ndo limenikalisha kitako nikuandikie. Unasema dada huyo ni mwaminifu na hamjawahi kusikia neno. Sawa, mi simtuhumu. Ila angalia kazi zake: yeye apokea karo, yeye aandika risiti, yeye ajaza daftari la nani kalipa nani anadaiwa, yeye avuka feri kupeleka pesa benki, na stetimenti ikitoka yaja kwake. Hapo hata akikosea kwa bahati mbaya hakuna wa kumwona.

Na usinambie "lakini vitabu vyake na benki huwa sawa kila mwezi", manake hilo ndilo nataka ulielewe vizuri. Chukua wazazi watatu, kila mmoja alipa 4,000 na kuandikiwa risiti. Jumatatu mzazi wa kwanza aleta kashi, apewa risiti, pesa zaingia mkobani na daftarini haandikwi kitu. Jumatano wa pili alipa kwa simu, zile 4,000 zafika benki lakini daftarini yaandikwa kalipa yule wa kwanza. Ijumaa wa tatu alipa, aandikwa wa pili. Mwisho wa wiki daftari lasema 8,000, benki yasema 8,000, zimelingana kabisa, na 4,000 hazipo! Shimo limehamia kwa mzazi wa tatu, na wiki ijayo litahamia kwa mwingine, ndo maana mtu anayefanya hivi huwa hataki likizo hata akiumwa, kwa sababu akikaa kando siku chache tu mtu mwingine atakutana na mzazi anayeambiwa anadaiwa na risiti anayo mkononi.

Kwa hivyo kulinganisha daftari na benki peke yake hakutoshi. Chukua kitabu cha risiti, zile nakala za kaboni, jumlisha za siku moja moja halafu utafute hizo pesa benki siku hiyo au kesho yake. Kwenye mfano wangu risiti zitasema 12,000. Angalia pia namba zimefuatana, risiti iliyoharibika ibaki kitabuni na nakala zake zote, na kitabu kipya kitoke kwako si kwake. Halafu zile za simu, kama mwatumia Paybill mwambieni kila mzazi aandike namba ya mtoto pale kwenye akaunti, ndo stetimenti yenyewe ikwambie 4,000 za Jumatano zilikuwa za mtoto gani, na daftari likisema mwingine umeshaona.

Lakini kashi ambayo haikuandikiwa risiti kabisa hutaiona popote kwenye makaratasi. Hiyo atakuonyesha mzazi mwenyewe, kwa hivyo kila mwezi salio la kila mtoto litumwe kwa mzazi, na atume mtu mwingine si yule anayepokea pesa, na anayelalamika apige kwako.

Najua utasema hamna hela ya kuajiri. Hamhitaji. Dada aendelee kupokea, kuandika risiti na kupeleka benki, zote kama zilivyo, asichukue humo hata ya maziwa. Daftari la wadaiwa apewe mwalimu mmoja, ajaze kutoka kwa nakala za risiti na stetimenti, pesa asiziguse. Wewe au mweka hazina mpokee stetimenti moja kwa moja kutoka benki, mlinganishe risiti, daftari na stetimenti, na mtie saini na tarehe. Hiyo ni kazi ya jioni moja kwa mwezi. Na cheki zenu za saini mbili, tafadhali, usisaini tupu kwa sababu eti unasafiri, saini yako hapo inakuwa haina kazi yoyote.

Mwalimu naye atashika makosa ya kawaida, ambayo ndiyo mengi. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kwanza tafuta tarakimu zilizopinduliwa, mfano 4,500 ikaandikwa 5,400, tofauti ni 900. Kabla ya kumshuku mtu tafuta hilo.

Wakiungana dada na mwalimu, mpango huu utawakosa, sikufichi, ndo hapo malalamiko ya wazazi yafike kwako na mwalimu wa daftari abadilishwe kila muhula.

Anza na muhula huu uliopita. Ukishapata stetimenti na vitabu vya risiti nambie, Jumamosi navuka nikusaidie kulinganisha wiki mbili za mwanzo wa muhula, wakati karo nyingi zaingia. Na huyo dada mwiteni akae nasi, aone chafanywa nini.

Wasalimie watoto.

Shogako wa Majengo