YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA ZA AGBADA ZILIZOHARIRIWA NA KAMPUNI YENU

Meneja wa Uzalishaji,
Kampuni ya Upigaji na Uhariri wa Picha,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Ninaandika kuhusu picha nne za agbada ambazo kampuni yenu ilizipiga na kuzihariri kwa ajili ya katalogi ya duka langu la mavazi ya harusi. Mwanga na rangi sina neno navyo. Ninachokikataa ni jinsi mikono ya vazi na mikono ya mvaaji ilivyochorwa upya baada ya kufutwa kwa msaidizi aliyekuwa ameshika kitambaa ili darizi ya kifuani ionekane.

Agbada, vazi la Wayoruba wa Nigeria ambalo maharusi wengi wa hapa nyumbani sasa wanaliagiza, haina mkono ulioshonewa begani kama wa shati. Ni kipande kipana ambacho, kikitandazwa sakafuni, upana wake unakaribia urefu wa mvaaji; pembeni huachwa wazi, kikashonwa kwa chini tu, na mvaaji hukikunja na kukipandisha mabegani ili mikono yake ipate kutoka. Kwa hiyo kitambaa kilichorundikwa begani hupita mfupa wa bega kwa karibu upana wa kiganja, na hapo ndipo mhariri wenu alipokosea.

Katika picha ya pili aliuanzisha mkono wa kulia kwenye ukingo wa mikunjo, badala ya kuuanzisha kwenye mfupa wa bega uliofichika chini yake. Kwa kuwa kiganja halisi kilibaki mahali pake, alilazimika kuurefusha mkono ili ukifikie, na kiwiko kikashuka hadi kwenye nyonga. Mtu akiuning'iniza mkono, kiwiko hukaribia usawa wa kiuno na ncha za vidole hufika katikati ya paja, na mkono wa kushoto katika picha hiyohiyo, ambao haukuguswa, unaonyesha hivyo. Najua kwamba mkono ulioelekezwa kwa kamera huweza kuonekana mfupi, lakini huu umening'inia sambamba na mwili, kwa hiyo pembe ya kamera haiwezi kuwa sababu ya tofauti hiyo. Isitoshe, mkono wa buba, yaani shati la ndani ambalo lilipaswa kuonekana pale kitambaa kinapofunguka, umefutwa kabisa, na ngozi inaanzia moja kwa moja kwenye agbada.

Kosa la picha ya nne ni kubwa zaidi kwa biashara yangu. Sipingi vazi kukunjwa katika picha moja na kuachiwa katika nyingine, kwa sababu wavaaji hulipandisha tena na tena kila linapoteleza. Ila kitambaa hakipungui: mikunjo ikiondoka begani, ukingo lazima ushuke hadi vidoleni. Ninyi mmeiondoa mikunjo na bado ukingo umeishia kwenye kiwiko. Agbada hii ni ya aso oke, kitambaa kinachofumwa kwa mikanda myembamba ambayo huunganishwa ubavu kwa ubavu, hivyo mhariri angeweza kuhesabu mistari ya maungio kuanzia shingoni hadi ukingoni katika picha halisi, kisha akahakikisha kwamba idadi ni ileile katika picha yake. Mteja mmoja tayari ameniomba agbada "yenye mikono mifupi kama ya kwenye picha", vazi ambalo silishoni wala siliuzi.

Kuhusu picha ya tatu nitasema kwa ufupi. Imegeuzwa kushoto kulia, bila shaka ili mvaaji aelekee katikati ya ukurasa. Darizi ya vazi hili haifanani pande zote mbili: mfuko wenye nakshi uko kifuani upande wa kushoto, na mviringo uko upande wa kulia. Picha iliyogeuzwa inaonyesha vazi ambalo halipo dukani kwangu, na fundi aliyeidarizi aliligundua hilo mara alipoiona.

Naomba picha ya pili na ya nne zihaririwe upya kutoka kwenye faili za awali, si kwa kurekebisha hizi zilizoharibika, na ya tatu irudishwe upande wake. Mhariri aweke kwanza alama kwenye bega, kiwiko na kifundo cha mkono, ndipo akiangushe kitambaa juu yake. Na rasimu zote nne niletewe kwa pamoja, kwa kuwa tofauti za mikono ya vazi hazionekani picha ikitazamwa peke yake. Nusu ya malipo iliyobaki nitailipa nitakapozikubali rasimu hizo. Iwapo faili za awali hazijahifadhiwa, naomba nijulishwe kwa maandishi ili tupange siku ya kupiga picha upya kwa gharama ya kampuni yenu.

Wako katika biashara,

Mmiliki wa duka