Shukrani kwako, dada wa kwenye foleni

Dada uliyekaa karibu nami kwenye foleni siku ile, sikukuuliza jina. Nilikuwa nimeshika barua ya kumjibu baba mwenye nyumba, kurasa tatu za matusi yaliyovikwa adabu. Uliisoma, ukanyamaza kidogo, kisha ukauliza: "Kwani unadaiwa miezi mingapi?" Minne. Katika barua nzima sikuwa nimeitaja miezi hiyo.

Ukageuza karatasi, ukaniambia nianze na hiyo minne. Nikaandika: nadaiwa kodi ya miezi 4, paa lilipovuja nilitengeneza bila kukuomba ruhusa, risiti hizi hapa, jumla yake ni kama kodi ya mwezi mmoja. Ukikubali tuikate, mitatu iliyobaki nitailipa kwa awamu 6, nusu kodi kila mwezi, juu ya kodi ya kawaida. Sahihi, tarehe, nakala mbili.

Mzee alikuja jioni na barua mkononi. Alizoea kugonga kwa ngumi. Safari hii alipiga hodi. Akakiri kuwa habari za paa alizipata mapema, akazipuuza. Akasaini nakala zote mbili, moja akaniachia.

Jana nimelipa awamu ya 6. Kalamu yako bado ninayo, dada.