Baba ana uvimbe kwenye figo: tumtoe figo au tuufuatilie?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya hapa Mwanza, na nakuandikia kwa ajili ya baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, mkazi wa Ukerewe. Amevua tangu ujana, na kama wavuvi wengi wa huko amepata kichocho cha tumbo zaidi ya mara moja. Aliposumbuliwa na tumbo nilimsihi avuke aje mjini apigwe altrasaundi ya ini, nikihofia kichocho kimeshaliharibu. Ini lilikuwa na makovu kidogo tu. Lakini mpimaji, akishuka na kifaa upande wa kulia, aliona kitu kwenye figo: uvimbe wa mviringo, sentimita 2.6, umechomoza nje sehemu ya chini. Baba hana maumivu ya kiuno, hajapungua mwili, na mkojo wake nimeupima mwenyewe, hauna damu.

Tulifanya siti skani ya dawa. Uvimbe uling'aa sana dawa ilipoingia, maana yake ni nyama yenye damu yake, si mfuko wa maji ambao wazee wengi huwa nao na hauna neno. Mafuta hayakuonekana ndani yake. Yangeonekana, tungekuwa na matumaini kwamba ni ule uvimbe wa mafuta na mishipa usio saratani. Mtaalamu wa mionzi akaandika kuwa inadhaniwa ni saratani ya seli za figo, haijatoka nje ya figo. Eksirei ya kifua ni safi.

Hapo ndipo madaktari wawili walipotofautiana, na familia yetu ikagawanyika nao.

Wa kwanza, mpasuaji, anataka kuitoa figo yote. Anasema saratani ikiwa bado ndogo hivi, ukiitoa imekwisha, na upasuaji wa figo nzima ni mwepesi kuliko wa kukata sehemu. Mama na kaka wameafiki papo hapo. Mama anasema hawezi kulala nyumba moja na kitu kama hicho, na kaka ameshatenga pesa.

Wa pili alianza na karatasi ambayo mpasuaji hakuigusa, ya kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja. Baba ana kisukari na presha kwa miaka mingi. Kreatinini yake ni maikromoli 138 kwa lita, na ukipiga hesabu kwa umri wake uwezo wa figo kuchuja unabaki kama 47, wakati mtu mwenye figo nzima huwa na 90 na zaidi. Namba hiyo ni ya figo zote mbili zikifanya kazi pamoja. Ukiondoa moja, ile inayobaki hujitahidi kufidia, lakini kwa mzee ambaye sukari na presha vimeshazila zote mbili haiwezi kufidia yote. Daktari alikadiria baba angeshuka hadi 30 na kitu. Akishuka zaidi kadiri miaka inavyokwenda, tutaanza kuzungumzia kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mtu wa kisiwani itambidi ahame kabisa aje kuishi mjini. Daktari, mimi naziona karatasi hizo kila siku kazini. Naifahamu njia hiyo inakoelekea kuliko ninavyoifahamu saratani.

Huyo wa pili alishauri tuufuatilie uvimbe. Alieleza kwamba vivimbe vya figo visivyofika sentimita 4 kwa wastani hukua kama milimita 3 kwa mwaka, na vingine havikui kabisa. Takriban kimoja kati ya vitano, kikitolewa na kupelekwa maabara, hukutwa si saratani. Na vile vinavyofuatiliwa vizuri, vinavyosambaa katika miaka ya mwanzo ni kama kimoja au viwili kwa mia. Kwa mzee mwenye kisukari na presha, alisema, moyo unamtishia kuliko uvimbe huu. Ratiba aliyotoa ni picha kila baada ya miezi mitatu hadi sita mwanzoni, kisha tukiona umetulia tupunguze. Ukikua zaidi ya nusu sentimita kwa mwaka, ukikaribia sentimita 4, au damu ikionekana kwenye mkojo, tunahamia kwenye upasuaji.

Mimi nilikubaliana naye, mpaka kipimo cha kwanza cha kufuatilia. Baba alipigwa altrasaundi kwenye kliniki nyingine karibu na anapofikia, ikasoma sentimita 3.1. Mama alilia. Kaka akanipigia simu akaniambia, "Unamwacha mzee afe kwa sababu ya namba zako." Lakini nilipozilinganisha picha, niliona mpimaji wa kwanza alipima kwa upana na mpimaji wa pili alipima kwa urefu, kwa mashine tofauti, na baba alikuwa amejaa gesi tumboni. Wapimaji wawili wanaweza kutofautiana milimita kadhaa kwa uvimbe uleule siku hiyohiyo. Kwa hiyo siwezi kusema umekua, na siwezi kuapa kwamba haukukua. Sasa natambua kwamba ufuatiliaji wenyewe utasimama au utaanguka kwa jambo hili dogo: kipimo cha aina ileile, mpimaji yuleyule ikiwezekana, na picha za zamani mezani pake.

Baba naye hasaidii. "Hakiniumi, kiacheni," ndiyo kauli yake, kisha anauliza feri inaondoka saa ngapi. Tumemwambia ni uvimbe, neno saratani hatujalitamka. Hilo linaniuma, kwa sababu anayeombwa arudi kila baada ya miezi kadhaa ni yeye, na sijui kwa nini arudi kama hajui anachofuatilia.

Naomba unisaidie katika mambo haya. Je, tuchukue kwanza kinyama cha uvimbe kwa sindano kikapimwe? Najua sindano wakati mwingine hurudi bila jibu, na kutokwa damu kupo, lakini kama jibu litakuwa uvimbe usio saratani, ugomvi wa nyumbani utaisha. Nahofia tu kwamba jibu likiwa saratani ya daraja la chini, mama hatasikia hayo mengine, atasikia saratani.

Pili, uvimbe umekaa pembeni, umechomoza nje. Kama itabidi kukatwa, je, si haki yetu kudai akatwe sehemu hiyo tu na figo ibaki? Nimeelezwa kwamba mshipa wa damu hubanwa wakati wa kukata na mpasuaji hatakiwi kuuacha umebanwa muda mrefu, isizidi kama nusu saa, na kwamba damu au mkojo unaweza kuvuja baadaye. Ningependa kujua nimuulize nini mpasuaji ili nijue kama ameizoea kazi hiyo, bila kumvunjia heshima.

Tatu, hiyo 3.1: turudie siti skani sasa, kwa figo za uwezo wa 47 na dawa inayopita humo humo, au turudi kwa mpimaji wa kwanza na altrasaundi yake?

Mpasuaji anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na kaka anasema nikichelewa atamchukua mzee mwenyewe ampeleke.

Binti wa Ukerewe,
Nyakato, Mwanza