Taka za mboga zichujwe maji kabla ya kulishwa funza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja ya kufuga funza wa nzi chuma, wanaolishwa kuku, kwa taka za masoko ya Dar es Salaam, kama Mabibo. Tatizo kubwa, kwa uzoefu wangu, ni maji. Kabichi, nyanya na matikiti yana maji zaidi ya asilimia 90, ilhali funza hustawi kwenye chakula chenye maji takriban asilimia 70. Chakula kikiwa rojo, hewa hukosekana, uvundo huanza na funza hupanda kuta za beseni wakitoroka. Mwishowe hata mbolea inayobaki funza wakishakula haichekecheki.

Halmashauri ziwape wachuuzi mapipa ya mboga pekee, bila plastiki. Wafugaji wazikatekate, wazichuje usiku kucha, kisha waongeze pumba za mahindi hadi konzi ikikamuliwa itoe matone machache tu.

Mfugaji wa kuku,
Temeke