Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi: adhabu inayosubiri ridhaa ya mkosaji

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Kila mwaka, mkutano wa nchi wanachama unapokaribia, ofisi yako huziomba serikali zilete ahadi kubwa zaidi za kupunguza gesijoto. Nakuandikia kukuomba kazi yako ielekee kwingine, kwa sababu tatizo la makubaliano haya halijawahi kuwa udogo wa ahadi peke yake. Ahadi kubwa tulishapewa, tena kwa nguvu ya sheria ya kimataifa, na aliyeshindwa kuitimiza akaondoka bila kulipa chochote. Naizungumzia Kanada.

Katika Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, Kanada ilikubali kwamba wastani wa uzalishaji wake wa gesijoto kati ya 2008 na 2012 ungekuwa chini ya kiwango cha 1990 kwa asilimia 6. Iliridhia itifaki hiyo Desemba 2002. Wakati huo Marekani, jirani yake na mnunuzi mkubwa kuliko wote wa bidhaa zake, ilikuwa imekwisha kujitoa. Hata kabla ya mkutano wa Kyoto, Seneti ya Marekani ilikuwa imepitisha azimio kwa kura 95 kwa 0 kwamba nchi hiyo isitie saini mkataba usiozibana pia nchi zinazoendelea, na mwaka 2001 serikali ya Rais Bush ikatangaza kwamba haitairidhia itifaki. Kwa hiyo kila gharama ambayo Kanada ingewatwisha wenye viwanda wake ingewakuta wakishindana na wenzao wa upande wa pili wa mpaka wasiobebeshwa mzigo huo. Uchimbaji wa mafuta kwenye mchanga wa lami wa Alberta nao ukapamba moto. Kipindi cha kutimiza ahadi kilipoanza, uzalishaji wa Kanada ulikuwa umepanda badala ya kushuka, na ulikuwa juu ya kiwango cha 1990 kwa takriban asilimia 20.

Wengi husema Kyoto haikuwa na meno. Meno yalikuwepo. Kanuni zilizokubaliwa Marrakesh mwaka 2001 zilisema nchi itakayovuka kikomo chake itakatwa tani zote ilizozidisha katika kipindi kinachofuata, na juu yake nyongeza ya asilimia 30. Ukizidisha tani milioni 100, unaanza kipindi kipya ukiwa na deni la tani milioni 130. Inaonekana kali, lakini tazama inavyofanya kazi. Kikomo cha kipindi kipya kinapangwa kwa mazungumzo, na mdaiwa mwenyewe yumo mezani, hivyo anaweza kudai kikomo kilicholegea kiasi cha kulimeza deni lote. Anaweza pia kukataa kabisa kuingia kipindi cha pili, na deni likakosa mahali pa kukatwa. Zaidi ya hayo, kifungu cha 18 cha itifaki kilisema adhabu yoyote yenye nguvu ya sheria lazima ipitishwe kama marekebisho ya itifaki, na marekebisho humbana yule tu aliyeyakubali. Mkosaji, kwa maneno mengine, aliombwa aridhie adhabu yake.

Kanada haikuhitaji hata kufika huko. Kifungu cha 27 kiliruhusu nchi kujitoa kwa taarifa ya mwaka mmoja. Tarehe 12 Desemba 2011, siku moja baada ya mkutano wa Durban kufungwa, Waziri wa Mazingira Peter Kent alitangaza kwamba Kanada inajitoa. Alisema kubaki kungemaanisha kutumia dola za Kanada bilioni 14 hivi kununua vibali vya uzalishaji kutoka nchi nyingine, na kwamba itifaki isiyozibana Marekani na China haiwezi kufanikiwa. Kujitoa kulianza kutumika Desemba 2012, kabla hesabu za kipindi hazijafungwa. Japani na Urusi zilibaki wanachama lakini zikakataa malengo ya kipindi cha pili.

Sileti kisa hiki ili kuilaumu Kanada peke yake, maana hoja ya Bwana Kent ndiyo hoja ya kila mzalishaji mkubwa. Tani ya hewa ukaa ikipunguzwa, gharama yote inabaki kwa aliyeipunguza, na faida inagawanywa duniani kote, wakiwemo wanaodoea jasho la wenzao. Hakuna namna ya kuwanyima hali ya hewa iliyo bora. Palipo na hesabu ya namna hiyo, kaulimbiu haitoshi. Lazima kukaa nje kugharimu kuliko kuwa ndani.

Mkataba wa Paris wa 2015 ulilikwepa tatizo hili kwa kuziachia nchi zijipangie malengo zenyewe, chini ya kamati ya utekelezaji iliyokatazwa kuadhibu. Naelewa kwa nini ilibidi iwe hivyo, na bila hivyo huenda wakubwa wasingeingia kabisa. Lakini Marekani imekwisha kujitoa humo mara mbili, na mara zote mbili haikutozwa kitu.

Makubaliano yaliyowahi kuigeuza hesabu hii yapo. Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyolinda tabaka la ozoni, ilizikataza nchi wanachama kufanya biashara ya kemikali husika na nchi zisizo wanachama. Kila aliyeingia alilipunguza soko la waliobaki nje. Kisha mwaka 1990, mjini London, ukakubaliwa mfuko wa kulipia gharama za ziada za nchi zinazoendelea. China ikajiunga 1991, India 1992, na leo kila nchi ni mwanachama. Najua kemikali zile zilitengenezwa na kampuni chache na mbadala wake ulikuwa unapatikana, ilhali kaboni imo katika karibu kila kitu. Ndiyo maana siombi mkataba wa aina ile kwa uchumi mzima. Naomba uanzie kwenye chuma na aluminiamu, bidhaa zinazovuka mipaka na ambazo hewa ukaa yake inaweza kupimwa kiwandani.

Umoja wa Ulaya umeanza peke yake, kwa tozo ya kaboni mpakani, yaani malipo kwa bidhaa zinazoingia kulingana na hewa ukaa iliyotokana na kuzitengeneza, iliyoanza kutumika rasmi 2026. Umechukua nusu ya kwanza ya Montreal, yaani mlango wa soko, na kuiacha nusu ya pili, yaani mfuko. Si ajabu India na China zinaiona kuwa kinga ya biashara tu. Hata ikiboreshwa haitafika kila mahali, kwa kuwa chuma kingi hutumika katika nchi kilikotengenezwa na hakifiki mpaka wowote.

Mheshimiwa, najua huna kura. Najua pia kwamba kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa tangu mkutano wa kwanza, Berlin 1995, kwa hiyo maamuzi hufikiwa kwa maafikiano na nchi chache zinaweza kuyakwamisha. Ndiyo sababu sikuombi upeleke jambo hili kwenye ukumbi mkuu. Ripoti ya jumla ya ahadi inaandikwa na sekretarieti yako. Ziombe nchi wanachama zikuruhusu kuweka ndani yake hesabu ya chuma na aluminiamu kwa kila mzalishaji mkubwa: tani zilizotengenezwa, hewa ukaa kwa kila tani, na kiasi kilichouzwa nje. Kisha waite wanunuzi na wauzaji wakubwa wa bidhaa hizo, pamoja na Umoja wa Ulaya, wakubaliane kipimo kimoja na sehemu ya mapato ya tozo itakayorudi kwenye viwanda vya nchi maskini. Asiyetaka kuja asisubiriwe.

Kwa heshima,
Mfuatiliaji wa mazungumzo ya tabianchi