Ami yuko Maskati, nikahi iko Lamu: zile sekunde zinakwenda wapi?

Mwezi uliopita tuliambiwa wezi. Tulikuwa tunarusha nikahi ya Mkomani mubashara kwenye YouTube, na ami yake bwana harusi alikuwa akitazama Maskati huku simu ya WhatsApp iko sikioni. Kwenye simu akasikia "nimekubali" na vigelegele, lakini kwenye skrini sheikh bado alikuwa akisoma hutuba. Akawaambia wenyewe kwamba tumerekodi kwanza, kisha tunamchezea mkanda. Jioni mwenye shughuli akataka nusu ya pesa zake.

Haya tumeshayasikia mara nyingi, basi leo tunayaeleza.

Picha ikitoka kwenye kamera yetu hukatwa vipande vya sekunde chache. Simu ya mtazamaji huweka akiba ya vipande hivyo ndipo ianze kuonyesha. Ni kama tangi la maji juu ya dari: mfereji ukikatika kidogo, wewe unaoga tu wala hujui. YouTube ina tangi za aina tatu. Normal latency ni tangi kubwa, picha inachelewa zaidi lakini haikwami ovyo. Low latency huwaweka watazamaji wengi chini ya sekunde 10. Ultra low-latency huwaweka wengi chini ya sekunde 5, na tangi lake ni kama kopo: mtandao wetu ukiyumba kidogo tu, kiduara kinaanza kuzunguka kwa kila mtu. Na anayetaka picha ya 4K ajue hizo mbili za haraka haziibebi.

Sisi kwa nikahi tunaweka Low. Ultra tunaiweka pale watazamaji wanapouliza maswali kwa maandishi na mtu yuko mbele ya kamera anajibu. Kwenye nikahi nani anamjibu nani?

Turudi kwa ami. Matangazo yakiwa bado yanaendelea, tulimwomba, kwenye kompyuta ileile aliyokuwa akitazamia, abonyeze kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, achague Stats for nerds, kisha atutumie picha ya skrini. Kijisanduku kile kina mistari mingi, ila ya kutazama ni mitatu. Live Mode inataja hali ambayo matangazo yamewekewa, na yake ilitaja low latency, kama tulivyoahidi. Live Latency inaonyesha yeye mwenyewe yuko nyuma kwa sekunde ngapi: yake ilikuwa 41. Buffer Health ni akiba iliyobaki kwenye tangi, nayo ilikuwa nzuri.

Hali ya haraka, mtandao mzuri, na bado yuko nyuma sekunde 41? Tukamuuliza kama alisimamisha picha. Akacheka: ndiyo, alisimamisha kidogo ili apokee simu. YouTube haikumrukisha mbele, ilimwendeleza palepale alipoachia. Angebonyeza neno LIVE chini ya picha lililokuwa limepoteza wekundu wake, angetukuta. Hata hivyo simu ingemtangulia, maana simu haiweki tangi kama hilo.

Sasa ile njia ya mkato. Kuna familia ya Langoni tuliyowarushia maulidi kwenye chaneli yao wenyewe. Usiku wa kuamkia shughuli kijana wao akaingia Live Control Room, ukurasa wa YouTube wa kuendeshea matangazo, akashuka mpaka Stream latency, akaweka Ultra low-latency "ili iwe kali". Hakutuambia. Siku ya pili matari yamepamba moto, watu wamejaa, kila simu uwanjani imeshika mnara uleule, na laini yetu ya kupandishia picha ikaanza kupumua kwa shida. Simu yetu ya kukagulia ilikuwa inaonyesha Buffer Health chini ya sekunde 1, inapanda, inashuka mpaka sufuri. Walioko Mombasa na Jidda waliona nusu ya kaswida, kiduara, nusu nyingine. Tulilazimika kusimamisha, kufungua matangazo mapya na kuwatumia watu kiungo kingine, na wengine hawakurudi. Wakatulipa tena kwa kuhariri rekodi nzima.

Ndiyo maana siku hizi hatuanzi kabla ya kufungua mpangilio ule mbele ya mwenye shughuli na kumwonyesha kwa kidole. Na ndiyo maana bei yetu si ya kijana mwenye simu na kijiti. Tunakuja na laini mbili za mitandao tofauti, tunapima kasi ya kupandisha siku moja kabla, saa ileile ya shughuli na mahali palepale, na mtu wetu mmoja hafanyi kazi nyingine ila kutazama ile mistari mitatu kama mtazamaji wa kawaida.

Pesa ya nikahi ya Mkomani hatukurudisha. Ami mwenyewe ametuagiza tena, harusi ya binti yake, na safari hii anakuja kwa miguu yake.