Kevo, hiyo biringanya ishapitwa

Niaje Kevo,

Nimeziangalia zile picha ulinitumia jana za shamba yako huko Ruai, nikacheka, alafu nikaskia uchungu kidogo. Hiyo biringanya umebeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga ndio unangoja ifike saizi gani? Mimi naona ngozi imeshakuwa butu, imeanza kuvuta kwa kahawia, hiyo ilikuwa ichumwe siku kadhaa zilizopita.

Si kukucheka, hata mimi nilifanya hivyo hivyo na shamba yangu ya kwanza. Nilikuwa na biringanya aina ya Black Beauty, nikajiambia kitu inauzwa kwa kilo wacha inenepe, nikajaza kreti mbili nikapeleka soko ya Marikiti. Yule broka hata hakuongea, alichukua moja akaikata katikati na kisu akanionyesha tu. Mbegu zilikuwa zimekuwa kahawia na ngumu, nyama ndani kama sponji. Nilitoka hapo na nusu ya bei ya wengine na sikuwa na cha kujitetea.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba saizi ya biringanya inadanganya. Yenye iko sawa inang'aa, yaani ukiinama karibu na jua la asubuhi unaona mwanga umekaa kwa ngozi kama kwa kiatu kimepigwa brashi. Mbegu zikianza kukomaa ule mng'aro unaisha, na uchungu unaingia. Kwa hivyo kama imefika kama theluthi mbili ya saizi yake na bado inang'aa, chuma, hiyo ni chakula. Ukiwa na shaka finya na kidole gumba: ikiwa ngumu kabisa haibonyei iache kwanza, ikibonyea alafu irudi ni sawa, na shimo likibaki hapo basi umechelewa.

Lakini kwanza pangusa vumbi, na huko kwenu vumbi ni mob, usije ukahukumu biringanya ya watu bure. Pia usikague saa nane mchana mmea ukiwa umelegea na kiu, na ukiona hata ndogo ndogo hazing'ai, geuza majani uangalie chini kama kuna wale wadudu wadogo wa utando, wao pia wanaharibu ngozi. Na usivute, kata na kisu au makasi uache kikonyo kidogo, ukivuta utaondoka na tawi.

Bamia nayo ni kinyume, hapo mng'aro hausaidii, ni urefu na siku. Ua linafunguka asubuhi moja tu, jioni limeshanyauka, kwa hivyo mimi nilifungia nyuzi nyekundu kwa maua kumi siku moja nikawa nahesabu. Kwangu wakati wa joto siku ya tano zilikuwa kama urefu wa kidole cha kati, sentimita nane hivi, nikivunja ncha inakatika kwa sauti kama maharagwe mabichi. Mbili nilizoacha hadi siku ya nane zilikuwa zimerefuka vizuri sana kwa macho, lakini ncha ilipinda tu haikukatika, na kisu kikawa kinakwama kwa nyuzi. Hizo hata ukichemsha jioni nzima utatafuna kamba. Mwezi wa saba na baridi ya Nairobi zinaenda polepole, usihesabu siku peke yake, vunja ncha. Pita kila siku mbili na uvae shati ya mikono mirefu, manyoya yake yanawasha vibaya. Zile zimezeeka usiziache juu, mmea ukishaanza kulea mbegu unapunguza maua.

Matango pia ni hivyo, moja kubwa likijificha chini ya majani linazubaisha mmea wote, na hujificha kweli, inua majani kila asubuhi. Chuma likiwa sentimita 15 hadi 20, kijani nzito na nyembamba bado. Likianza kitumbo, mbegu zimeanza kukomaa. Ukiona weupe upande uliolalia udongo usishtuke, hiyo ni kukosa jua tu, angalia ile ncha ilikuwa na ua: ikianza umanjano umechelewa.

Sasa ile yako ya picha ikate leo, hata kama hutaiuza, na uifungue uone mbegu alafu unitumie picha. Jumamosi nitapita na kisu yangu, nipikie chai, na zile ndogo zinang'aa hapo nyuma usizigusie mpaka nifike, naziona kama nne ziko tayari.

Wako,
Mose